Ziada ya Ijumaa

Kwa Ijumaa ya pili mfululizo, sanduku la matumizi madogo la kiwanda cha jibini lilikutwa na pesa nyingi kuliko zilizopaswa kuwamo, na jambo hilo, kwa maoni ya Papa Damien Kabera, lilikuwa baya kuliko wizi.

"Pesa ikipunguka, shida ninaijua jina," alisema meneja huyo, huku akizitazama noti zilizopangwa mezani kama mtu anayetazama maiti ya jirani. "Mwenye sanduku analipa, tunamaliza, tunaenda kula. Lakini hii! Hii inatoka wapi, Gaëlle?"

Gaëlle Umugwaneza, mtunza sanduku, mwenye umri wa miaka ishirini na diploma ya biashara iliyokuwa bado inanuka gundi ya picha, alizihesabu noti mara ya tatu. Hazikupungua. Daftari lilisema lazima ziwe faranga themanini na sita elfu. Mezani kulikuwa na tisini na mbili elfu. Elfu sita zilikuwa zimekuja zenyewe, bila kubisha hodi.

Ni vizuri ieleweke mapema sanduku hilo lilivyoishi, maana lilikuwa na sheria zake kama parokia. Papa Damien alikuwa amezifundisha kwa mtindo wa katekisimu, yeye akiuliza na Gaëlle akijibu, siku ya kwanza ya kazi, wiki mbili kabla ya hapo.

"Sanduku lina ngapi?"

"Laki tatu, Papa."

"Siku gani?"

"Siku zote, Papa. Pesa iliyobaki, pamoja na hati za pesa iliyotoka, lazima ziwe laki tatu."

"Pesa inatokaje?"

"Kwa hati yenye namba, yenye sababu, yenye sahihi ya aliyepokea. Kama hajui kuandika, anaweka kidole."

"Na hati ukiikosea?"

"Siichani. Ninaandika 'imefutwa', ninazitunza nakala zote mbili, namba isipotee."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa tunahesabu. Vikubaliane, pesa na daftari. Halafu unanijazia kutoka sanduku kubwa kiasi kilekile cha hati, hakizidi wala hakipungui, na sanduku linarudi kuwa laki tatu."

"Amina," alikuwa amesema Papa Damien, na hakuwa akitania.

Kwa mujibu wa katekisimu hiyo, wiki ile hati zilikuwa za laki mbili na elfu kumi na nne, pesa ilitakiwa kuwa themanini na sita elfu, na kila kitu kilitakiwa kufungwa na kuimbiwa. Badala yake kulikuwa na elfu sita za ziada. Ijumaa iliyotangulia zilikuwa elfu nne na mia tano. Hizo za kwanza Papa Damien alizipokea kwa mguno, akaziandikia stakabadhi, akaziweka katika sanduku kubwa zisije zikachafua laki tatu. Za pili alizipokea bila mguno wowote, na huo ulikuwa mwanzo wa hatari.

"Mimi ninajua mambo mawili yanayoleta ziada," alisema. "Moja: mwenye sanduku anaandika elfu ishirini kwenye hati, anamupa mukulima elfu kumi na nane, na anasahau kuingiza ile mbili mufukoni. Huyo njo mwizi mwenye usingizi."

"Papa, mimi siibi."

"Mbili: mwenye sanduku anacheza." Akamtazama juu ya miwani. "Na mimi ninajua habari ya mbuzi."

Habari ya mbuzi ilijulikana kuanzia Karuba hadi Mushaki. Katika shule ya bweni aliyosoma Gaëlle, asubuhi moja ya mtihani, mwalimu wa nidhamu alifungua ofisi yake akamkuta mbuzi amekaa kitini, amevaa tai. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Hakuna aliyewahi kueleza mbuzi aliingiaje, na hakuna aliyewahi kuuliza mara mbili ni nani alihusika. Sifa hiyo, iliyokuwa dhahabu bwenini, kwenye kazi ya pesa ilikuwa na uzito wa jiwe shingoni.

"Muda wako wa kujaribiwa unaisha mwisho wa mwezi," Papa Damien alimaliza. "Ijumaa ijayo, kama pesa na daftari havikubaliani, ama havina maelezo, nitamutafuta mutu mwingine. Papa Jean-Claude alikaa hapa miaka sita. Miaka sita, Gaëlle! Hata faranga hamsini haikuzidi. Hata hamsini haikupunguka."

Papa Jean-Claude alikuwa mtunza sanduku wa zamani, ambaye sasa alikuwa amestaafu akiuza samaki kule Shasha kando ya ziwa, na ambaye jina lake kiwandani hapo lilitajwa kwa sauti ya chini kidogo, kama la mtakatifu ambaye bado hajatangazwa rasmi. Ndiye aliyemsimamia Papa Damien siku ya ndoa yake. Ndiye aliyemkabidhi Gaëlle funguo, kwa mchana mmoja tu wa mafunzo.

Jioni ile Gaëlle alimkuta Naomie, rafiki yake, kwenye chumba cha jibini, akigeuza mabonge ya manjano kwenye rafu na kuyasugua kwa maji ya chumvi. Akamsimulia.

"Wewe nawe," Naomie alisema bila kuacha kusugua. "Pesa imezidi elfu sita? Toa elfu sita, kunywa soda, nunua mandazi, niletee mimi mbili. Pesa inakubaliana na daftari. Papa Damien anafurahi. Shida iko wapi?"

Gaëlle alifungua mdomo ili acheke, akaufunga. Maana ilikuwa kweli tupu. Mtu angeichukua ile ziada, hesabu ingekuwa safi kama maji ya mlimani. Ni yule aliyeiacha ndiye aliyekuwa anaonekana mchafu.

"Naomie," alisema polepole, "hesabu inayokubaliana miaka sita bila hata hamsini. Wewe umewahi kuona?"

"Mimi ninaonaka fromaji tu," alisema Naomie, akipigapiga bonge la jibini.

Basi Gaëlle alilala na swali lile, na swali likavuta blanketi lote upande wake. Woga alikuwa nao, hakatai mtu. Lakini zaidi ya woga alikuwa na kitu kingine kilichomwasha, kilekile kilichomwasha zamani aliposikia kwamba ofisi fulani haiwezi kuingilika. Nani anatia pesa ndani ya sanduku la watu? Wezi anawafahamu kila mtu. Huyu alikuwa ni mwizi anayetembea kinyumenyume.

Jumatatu alianza uchunguzi kwa heshima zote. Alizipanga hati za wiki zilizopita kwa namba, akazipitia moja moja. Hakuna namba iliyokosekana, hakuna iliyojirudia. Alimwendea muuza chumvi, akamwuliza alilipwa ngapi. Akataja kiasi kilekile kilichoandikwa. Alimwuliza fundi wa mashine ya kupoza maziwa, vilevile. Kwa hiyo hakuwa mwizi mwenye usingizi. Alishukuru kulijua hilo, kwa kuwa kufikia hapo alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe.

Halafu alifanya jambo ambalo katekisimu haikulitaja: hakungoja Ijumaa. Alihesabu sanduku kila jioni. Jumatatu jioni, sawa kabisa. Jumanne alilipa watu wawili, fundi wa mabomba na Papa Ngabo wa kuni. Jumanne jioni, elfu mbili zaidi.

Noti mbili za elfu moja. Gaëlle alizitoa katika zile nyingine kwa urahisi wa ajabu, maana noti zilizotoka sanduku kubwa Ijumaa zilikuwa safi, na hizi mbili zilikuwa zimekunjwa mara nne, zikiwa na doa la zambarau pembeni. Alizileta karibu na taa. Doa lilikuwa na mistari midogo iliyojipinda, kama shamba la matuta linavyoonekana kutoka kilima cha ng'ambo.

Kidole gumba.

Alikaa akakitazama kidole hicho kwa furaha ambayo mtu aliye karibu kufukuzwa kazi hana haki ya kuwa nayo. Dirisha la malipo lilikuwa na kopo moja tu la wino wa zambarau, lililokaa juu ya kipande cha nailoni ili lisichafue ubao, kwa ajili ya wale wanaoweka kidole. Fundi wa mabomba alisaini kwa kalamu, tena kwa madaha, na mkia chini ya jina. Papa Ngabo aliweka kidole.

Alizirudia hati za zamani, safari hii haangalii namba wala kiasi. Anaangalia chini, penye sahihi. Wiki ya elfu sita, vidole vilikuwa vitatu: Papa Ngabo, kuni, elfu ishirini. Mama Muhawenimana, maharage ya chakula cha wafanyakazi, elfu ishirini na tano. Tuyizere, kubeba jibini kwa chukudu, baiskeli ya mbao, hadi barabara kubwa, elfu kumi na tano. Elfu sitini zote pamoja. Ziada, elfu sita.

Wiki ya kwanza: vidole viwili, elfu arobaini na tano. Ziada, elfu nne na mia tano.

"Fungu la kumi!" Gaëlle alisema peke yake, kwa sauti kubwa, na paka wa kiwanda akakimbia.

Kwa hiyo alijua ni nani na ni ngapi. Hakujua vipi, wala kwa nini, na bila hayo mawili alikuwa na hadithi tu, na Papa Damien hakuwa mtu wa kujazia sanduku kwa hadithi. Angeweza kumwuliza Papa Ngabo, lakini mtu mzima anayeficha pesa kwenye sanduku la watu ana sababu yake, na ukimwuliza ghafla atakataa hata jina la mama yake. Ilibidi aone kwa macho.

Hapo ndipo elimu ya bweni ilipokuja kumsaidia. Bwenini walikuwa na kioo kidogo cha kunyolea, ambacho kikiwekwa vizuri kwenye kitanda cha tatu humwonyesha mlinzi wa zamu kabla yeye hajakuona. Alhamisi Gaëlle alikuja na kioo chake cha mkoba, akakiegemeza kwenye rafu ya nyuma, kati ya chupa ya gundi na picha ya Bikira Maria, akimwomba radhi Bikira kwa kimya.

Mama Muhawenimana alifika asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye malisho, gunia la maharage mgongoni kwa mkanda wa paji la uso. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye shamba mteremkoni tangu enzi za baba wa baba yake, na macho ambayo yalikuwa yamekwisha kumhukumu kila mtu na sasa yanapumzika.

"Uliamukaje, mutoto?"

"Muzuri, Mama. Maharage iko namna gani mwaka huu?"

"Iko. Mvua imekula kidogo, panya wamekula kidogo, na ninyi munakula."

Gaëlle alipima, akaandika hati, akahesabu elfu ishirini na tano mbele yake, noti juu ya noti. Mama alizihesabu tena, akibonyeza kila noti kama anayeangalia kama imeiva. Kisha akaweka kidole kwenye wino, akakiweka kwenye hati. Gaëlle akageuka nyuma kuipiga mhuri.

Mhuri wa LIPWA ulikuwa umefungwa kwa mnyororo kwenye rafu ya nyuma. Hivyo ndivyo Papa Jean-Claude alivyomfundisha siku ile moja: mtu akishaweka kidole, geuka, piga mhuri, usifanye haraka. "Mwenye sanduku akiharakisha," mzee alikuwa amemwambia kwa upole, "analeta hasara." Gaëlle alikuwa ameyashika maneno hayo kama mafuta ya ubatizo. Akageuka, hakuharakisha, na akainua macho kwenye kioo.

Mama Muhawenimana alitoa noti kadhaa katika zile alizopewa, akazikunja mara nne, akainua kopo la wino, akazilaza juu ya nailoni, akalishusha kopo juu yake. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, kama wa mtu anayeweka sadaka kwenye kikapu na hataki jirani aone ni ngapi.

Na Gaëlle, ambaye kila jioni alikuwa akizikusanya pembe nne za nailoni, kopo likiwa ndani, na kulitupia furushi zima sandukuni kabla giza halijaingia, karibu ajipige kofi. Furushi lilikuwa linajifungua humo ndani, na noti zinakwenda kulala na nyingine.

Alijigeuza. "Mama, umesahau pesa hapa."

"Sijasahau."

"Basi ni ya nini?"

Mama akatazama huku na huku, akasogeza kichwa dirishani na kunong'ona:

"Imepanda?"

"Nini imepanda?"

"Ya wino. Elfu mbili na mia tano haitoshi tena? Kama imepanda, sema tu. Usinizungushe, mimi niko na mbuzi anayezaa nyumbani."

Polepole, kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani bila kujua kuna nini mwisho wake, Gaëlle alimvuta maneno. Pesa ya wino. Wanaoandika kwa kalamu zao hawalipi, kwani wino ni wao. Wanaotumia wino wa koperative, ushirika wenye kiwanda, wanalipia wino: faranga moja katika kila kumi. Hiyo njo sheria. Papa Jean-Claude ndiye aliyewaambia. Akigeuka kupiga mhuri, unaweka. Hataki kuiona mkononi, ni mtu wa heshima.

"Na mimi nilipoanza kazi, mulijuaje niendelee kulipwa?"

"Si uligeuka?" alisema Mama Muhawenimana.

Gaëlle alimsukumia noti zile. Mama akazikataa kwa mikono miwili. "Leo unarudisha, kesho maharage yangu yatakuwa na mawe. Mimi ninawajua watu wa ofisi." Akaondoka, akiacha gunia atakalolifuata kesho yake likiwa tupu.

Sasa alikuwa na namna, na alikuwa na sababu, na kwa ajabu hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Akimwambia Papa Damien, atakuwa anasema hivi: yule aliyekusimamia kanisani, yule wa miaka sita bila hamsini, alikuwa akiwakata wakulima fungu la kumi kwa ajili ya mfuko wake. Na anayesema ni nani? Ni msichana wa mbuzi mwenye tai.

"Usiseme," alishauri Naomie. "Mutu haambiwi kitu kama hicho. Atakuuliza mashahidi, nao watakataa. Nani atakubali kwamba alidanganywa miaka sita kwa ajili ya wino?"

"Sitasema," alijibu Gaëlle, na Naomie, aliyekuwa amesoma naye, aliutambua uso ule na akaliweka bonge la jibini chini.

Ijumaa ilifika. Papa Damien aliingia na miwani, peni mbili na sura ya mazishi. Gaëlle alikuwa ameketi mkao wa mtawa.

"Papa, kabla ya kuhesabu, ninaomba kitu. Unadhani ninawapunja watu ama ninacheza. Leo imebaki malipo moja, ya Tuyizere. Lipa wewe. Mimi sitagusa."

Meneja alimtazama kutafuta mbuzi. Hakumwona.

"Lakini kwanza hesabu," Gaëlle aliongeza. "Ujue unaanza na ngapi."

Akahesabu. Hati za wiki zilianzia namba 0341 hadi 0347, ile 0344 ikiwa imefutwa na nakala zake mbili zimeshikizwa pamoja. Jumla yake ilikuwa laki moja na kumi na tano elfu. Pesa ilitakiwa kuwa laki moja na themanini na tano elfu, na ndivyo ilivyokuwa, kamili. Pembeni kulikuwa na bahasha yenye elfu nne na mia tano, imeandikwa tarehe: Jumanne elfu mbili, Alhamisi elfu mbili na mia tano.

"Hii bahasha ni ya nini?"

"Ni ziada ya wiki hii, Papa. Nimeitenga. Maelezo yanakuja kwa chukudu."

Kwa kweli chukudu ilikuwa imekwisha kusikika ikigongagonga kwenye mawe ya uani. Tuyizere, kijana wa mabega mapana na maneno machache, aliiegemeza ukutani ile baiskeli yake ya mbao isiyo na kanyagio, akaja dirishani. Alipomwona meneja akasimama wima.

"Papa Gérant! Leo unalipa wewe?"

"Ninalipa mimi. Una neno?"

"Hapana, Papa."

Papa Damien aliandika hati namba 0348, elfu kumi na tano, usafiri wa jibini. Alihesabu pesa kwa sauti, ili Gaëlle asikie, Tuyizere asikie, na ikiwezekana Mungu asikie. Tuyizere akaweka kidole. Papa Damien akaushika mpini wa mhuri, mnyororo ukamvuta, akageuka. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupiga mhuri kwa kunyooka, hakuharakisha.

Gaëlle alijiuma shavu kwa ndani asicheke.

"Haya," alisema Papa Damien. "Imeisha. Iko safi."

"Hesabu, Papa. Usisahau kukusanya nailoni na kopo la wino, uvitupie sandukuni."

Akahesabu. Laki moja na themanini na tano elfu, ukitoa kumi na tano, zilitakiwa kubaki laki moja na sabini elfu. Akahesabu tena. Akavua miwani, akaipangusa, akahesabu mara ya tatu kwa mtindo mwingine, kuanzia noti ndogo.

Laki moja na sabini na moja elfu na mia tano.

Gaëlle aliitazama nambari hiyo, akatamani kuiweka kwenye chupa.

"Papa," alisema hatimaye, kwa sauti ya katekisimu, "nani umemupunja?"

Meneja aligeukia dirisha. Tuyizere alikuwa bado pale, anafunga noti zake kwenye leso.

"Tuyizere. Nimekupa ngapi?"

"Kumi na tano, Papa Gérant."

"Na mkononi una ngapi?"

"Kumi na tatu na mia tano. Na ile nyingine ni ya wino, nimeweka." Kijana akaanza kuogopa. "Ni fungu la kumi, Papa. Sikupunguza. Tangu wakati wa Papa Jean-Claude ninaweka vizuri. Alisema ni ya koperative."

Papa Damien alirudi mezani. Aliketi. Alilivuta kopo la wino karibu, akalifungua, akalitazama ndani. Sifongo ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Mtu alikuwa akiilainisha kwa maji miaka yote hiyo. Alifunua daftari la zamani, ukurasa hadi ukurasa, akitafuta hati hata moja ya kununua wino. Gaëlle aliona anachotafuta na hakumwambia kwamba yeye alikwisha kutafuta.

"Alinifunga tai siku ya ndoa," alisema Papa Damien, si kwa mtu fulani.

Gaëlle, aliyekuwa na mzaha tayari ulimini kuhusu tai, aliumeza. Ulikuwa mzaha mzuri. Ulishuka kwa shida.

Baada ya hapo meneja alirudi kuwa meneja, na alifanya kila kitu kwa utaratibu. Tuyizere alirudishiwa elfu moja na mia tano yake palepale. Zile elfu kumi na mia tano za wiki mbili za kwanza zingetolewa katika sanduku kubwa wiki inayofuata, kila mwenye kidole na stakabadhi yake. Za bahasha zingerudishwa kila mmoja atakapofika. Za miaka sita zingepelekwa mbele ya baraza la koperative, na mtu fulani angeshuka Shasha, wala si kwa ajili ya samaki. Halafu aling'oa msumari wa mnyororo kwa koleo, akauhamishia mhuri dirishani, mbele ya macho ya kila anayelipwa.

Mama Muhawenimana alikuja kuchukua gunia lake tupu. Papa Damien mwenyewe alimweleza, kwa maneno ya heshima, kwamba hakuna pesa ya wino, haijawahi kuwapo, na koperative inamwomba samahani. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wino ni wa bure?"

"Ni wa bure, Mama."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

"Hm," alisema Mama Muhawenimana, na katika *hm* ile Papa Jean-Claude alizikwa bila matanga. Gaëlle akamhesabia elfu mbili na mia tano kutoka katika bahasha, Mama akaweka kidole kwenye stakabadhi, Gaëlle akaipeleka kwa meneja aisaini, na mama mtu akaenda zake.

Ikabaki hesabu ya mwisho, ile ya kuandikwa. Hati zote, laki moja na thelathini elfu. Salio la daftari, laki moja na sabini elfu. Papa Damien alikwisha kuandika nambari hizo kwenye karatasi ya hesabu, na kalamu ilikuwa juu ya mstari wa *tofauti*, tayari kuweka sifuri. Gaëlle alikuwa akizipanga noti kwa wepesi wa mtu ambaye kazi yake imeokoka.

Wepesi ukaisha.

"Papa. Subiri."

Laki moja na sabini elfu, na mia mbili na hamsini.

Wakatazamana. Kisha wote wawili, polepole, wakalitazama kopo la wino.

"Fungu la kumi," alisema Papa Damien kwa sauti hafifu, "la pesa aliyorudishiwa."

Gaëlle alikwisha kutoka. Alizichukua zile noti mbili chakavu, ya mia mbili na ya hamsini, akapita kati ya madebe ya maziwa, akaruka uzio wa malisho, akashuka mteremko mbio, sketi mkononi, ng'ombe wakimtazama kwa dharau. Alimkuta Mama Muhawenimana penye kijito, anaingia kwenye njia ya shamba lake.

"Mama!" alihema. "Mama, hii yako!"

"Nilijua mutasema ni ya bure, halafu mutanikata kwenye maharage."

"Hatukati! Chukua, tafadhali. Kwa jina la Yesu, chukua. Hesabu haifungi!"

Mama alizipokea zile mia mbili na hamsini. Alizitazama, akamtazama msichana aliyejaa matope hadi magotini, mwenye nywele zimesimama, akipumua kama ndama aliyetoroka. Kwa mara ya kwanza uso ule mkavu ulilegea kidogo pembeni.

"Sasa ninaamini," alisema, akizifunga pesa katika pembe ya kitenge chake. "Papa Jean-Claude, miaka yote, sijamuonaka akikimbia."

Gaëlle aliporudi juu, karatasi ya hesabu ilikuwa mezani imekwisha kusainiwa, na kwenye mstari wa *tofauti* kulikuwa na sifuri kubwa, ya duara, iliyoandikwa kwa mkono wa mtu aliyeamini kabla ya kuona. Kando yake, noti za kujazia sanduku: laki moja na thelathini elfu, hazizidi wala hazipungui. Alizihesabu hata hivyo.